Namba Iliyo Kwenye Pakiti

Katika uwindaji wa kitalii nchini Tanzania yupo mtu ambaye hafyatui risasi hata moja, lakini masikio yake hupokea mlio mzito pengine kuliko masikio ya mpigaji mwenyewe. Ni mfuata nyayo. Nyati akishaonekana, yeye ndiye anayesimamisha zile fimbo tatu zilizofungwa pamoja kwa juu, mgeni akaegemeza raifo yake hapo, naye akabaki amezishika zisiyumbe. Wakati huo kichwa chake kiko ubavuni mwa bunduki, mara nyingi mbele ya bega la mgeni, karibu na mdomo wa mtutu. Bunduki yenyewe si ya kuulia kanga. Kwa nyati hutumika kaliba .375 au kubwa kuliko hiyo.

Ukimuuliza kwa nini havai kinga ya masikio, atakujibu kwa swali: nikiziba masikio, nyati nitamsikiaje? Nalo ni swali la haki. Kazi yake ni kusikia kijiti kinachovunjika kichakani, ndege wa nyati anayeruka kwa kelele, na mnong'ono wa mwindaji bingwa aliye nyuma yake. Kumwambia azibe masikio na kuishia hapo ni kumnyang'anya nusu ya zana zake. Basi tuanze naye yeye, maana kinga itakayomfaa mtu huyu itamfaa pia mlinzi anayefanya mazoezi na bunduki ya marisau, askari wa wanyamapori, na mwenye bastola ya leseni anayekwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi.

Mlio wa risasi hupimwa kwa kilele chake, yaani pale shinikizo la hewa linapofika juu kabisa, hata kama ni kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kipimo ni desibeli, nacho hakipandi kama ngazi za kawaida. Desibeli 20 zikiongezeka, shinikizo limekuwa mara kumi. Wataalamu wa afya kazini wameweka mpaka kwenye kilele cha desibeli 140: sikio lisilo na kinga lisikutane na mlio unaovuka hapo, hata mara moja. Raifo ndogo ya .22 inagusagusa mpaka huo. Bastola ya milimita 9, ikipimwa karibu na sikio la mpigaji, hufika takriban 160. Raifo kubwa za kuwindia huvuka 160, na zile zilizofungwa kipunguza kishindo mdomoni mwa mtutu huwa mbaya zaidi kwa aliye pembeni, kwa sababu kifaa hicho humpunguzia mpigaji teke la bunduki kwa kuitupa gesi kando na nyuma. Kilicho kando na nyuma ni sikio la mshika fimbo.

Sikio lina misuli midogo inayokazana kelele inapozidi, ili kupunguza kinachoingia ndani. Kwa ngoma au mashine ya kusaga inasaidia kidogo. Kwa risasi haisaidii, kwa kuwa misuli hiyo huchelewa na mlio huisha katika elfu chache za sekunde. Ikishakazana, wimbi limekwisha kupita na kugonga seli zenye vinywele zilizo katika sikio la ndani. Seli hizo kwa binadamu zikifa hazioti tena. Anayesema "mimi nimezoea, siku hizi hainiumizi" anaeleza jambo la kweli, ila siyo alilodhani: zilizokuwa zikiumia zimepungua. Madhara huanzia kwenye sauti kali za juu, zile zinazobeba herufi kama s, f na sh, na ndiyo maana mtu husema anasikia watu wakiongea lakini haelewi wanasema nini. Kwa wapiga raifo wanaotumia bega la kulia, mara nyingi sikio la kushoto ndilo hutangulia kuharibika, kwa kuwa limeelekea mdomo wa mtutu huku la kulia likikingwa na kivuli cha kichwa.

Sasa twende dukani. Kwenye pakiti ya kinga yoyote iliyotengenezwa kwa soko la Marekani utaona herufi NRR na namba, tuseme 22, 29 au 33. Hicho ni kiwango cha kupunguza kelele, kwa desibeli. Vizibo vya sponji huwa kati ya 29 na 33. Vifuniko vikubwa visivyo na umeme hufika 27 hadi 31, na vile vyembamba vilivyotengenezwa kwa walengaji huwa na 20 na kitu. Vifuniko vya elektroniki vingi vina 21 hadi 25. Mnunuzi akisimama hapo na kulinganisha kama anavyolinganisha kilo za mchele, ataondoka na vizibo vya 33 vya bei ndogo, akiwacheka waliolipa pesa nyingi kwa 22.

Ili ujue kama amepatia, lazima ujue namba ilikotoka. Ni amri ya Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lililotoa kanuni hiyo mwaka 1979. Watu kumi huketi mmoja mmoja katika chumba tulivu. Wanasikilizishwa sauti ndogo sana, kwanza bila kinga, kisha wakiwa na kinga, na kila mmoja anaonyesha anapoanza kusikia. Hurudiwa mara tatu kwa kila mtu, kwa sauti za chini hadi za juu. Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo nguvu ya kinga. Wastani ukishapatikana, hukatwa kiasi cha kufidia tofauti ya mtu na mtu, kisha hukatwa desibeli 3 za tahadhari. Kinachobaki huchapwa kwenye pakiti.

Mambo mawili katika jaribio hilo yanamgusa mpiga risasi moja kwa moja. La kwanza, katika jaribio hilo anayeweka kinga vizuri masikioni ni fundi wa maabara, anayeijua kazi yake na asiye na haraka. La pili, sauti zilizotumika ni ndogo mno, za kumfanya mtu atege sikio. Hakuna bunduki iliyolia. Kanuni hiyo yenyewe inamlazimu mtengenezaji aeleze kwenye maandishi yanayoambatana na bidhaa kuwa NRR imetokana na kelele zinazoendelea, na huenda isionyeshe kwa usahihi kinga utakayopata dhidi ya milio ya ghafla kama ya bunduki. Onyo limeandikwa kwa herufi ndogo huku namba ikiandikwa kwa herufi kubwa, na wengi wetu tumesoma namba.

Ukitaka kujua namba itakuwa ngapi kwenye kichwa cha mtu wa kawaida, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliwahi kutoa njia ya kupunguza inayoeleweka kwa haraka. Vifuniko vya masikio, kata robo. Vizibo vya sponji, kata nusu. Vizibo vya aina nyingine, kata asilimia 70. Makato hayo yalitokana na kuwapima wafanyakazi halisi kazini, ambao kinga waliivaa wenyewe.

Hebu tuifanyie kazi. Vifuniko vyenye 22, ukitoa robo, vinabaki na 16.5. Vizibo vya sponji vyenye 33, ukitoa nusu, vinabaki na 16.5. Namba mbili zilizokuwa mbali kwa desibeli 11 rafuni zimekutana kichwani. Yule aliyecheka dukani hajashindwa, ila hajashinda pia.

Kisha chukua bastola ya desibeli 160. Ukitoa 16.5 unabaki na 143.5, bado juu ya 140. Hesabu hii ni ya makadirio tu, kwa sababu kama tulivyoona namba haikupimwa kwa risasi, na vipimo vilivyofanywa kwa milio halisi kwa kutumia vichwa bandia vyenye vipaza sauti ndani huonyesha kuwa kinga nyingi hupunguza kilele kikali zaidi ya NRR yake, mradi ziwe zimeziba vizuri. Lakini neno "mradi" ndilo lililobeba mzigo wote, na ndiyo sababu mimi huiamini hesabu ya makato kuliko matangazo.

Utakutana pia na pakiti zisizo na NRR bali SNR. Hicho ni kipimo cha Ulaya, na bidhaa nyingi zinazofika Dar es Salaam na Nairobi hubeba hicho. Hesabu yake haikati sana, kwa hiyo namba hutoka kubwa zaidi. Vifuniko vya Peltor X5, kwa mfano, vina NRR 31 na SNR 37, na ni kifuniko kile kile. Ukilinganisha bidhaa mbili, hakikisha herufi zinafanana kabla hujaangalia namba.

Turudi kwenye vizibo, kwa kuwa ndivyo vya bei nafuu na ndivyo vinavyokosewa zaidi. Kizibo cha sponji kinafanya kazi kikiwa kimeingia ndani ya tundu la sikio na kuvimba humo mpaka kugusa kuta zote. Kwanza mikono iwe safi. Kisha unakisokota kwa vidole polepole mpaka kiwe kama kijiti chembamba kisicho na makunyanzi, maana kila kunyanzi ni njia ya sauti. Mkono wa upande wa pili unapita juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, na hapo hapo kizibo kinasukumwa ndani kikiwa bado kimekonda. Unakishikilia kwa kidole sekunde 20 au 30 mpaka kivimbe. Anayeruka hatua ya kuvuta sikio, au anayeondoa kidole mapema, ataona kizibo kikirudi nje taratibu. Ameziba mlango wa tundu tu, na nusu ya desibeli zake zimebaki kwenye pakiti.

Kujua kama kimekaa hakuhitaji mashine. Mtu aliye mbele yako uso kwa uso asiweze kukiona kwa urahisi. Akiona kinachungulia, kitoe uanze upya. Hesabu moja mpaka kumi kwa sauti: sauti yako inapaswa kusikika nzito, kana kwamba inatoka kifuani, na iwe sawa pande zote mbili. Mwisho, funika masikio yote mawili kwa viganja huku kuna kelele jirani, kisha achia. Kama kelele inabadilika sana ukifunika na kuachia, kizibo kinavuja. Pamba, ambayo wengi huitumia ikikosekana kingine, hupunguza desibeli chache tu hata ikishindiliwa. Usiihesabu.

Kuna kesi moja ya vizibo ambayo kila mpiga risasi angeijua, kwa sababu ilihusu hasa jinsi namba inavyopatikana. Jeshi la Marekani lilinunua vizibo vya mpira vilivyoitwa Combat Arms, vyenye ncha mbili. Upande wa kijani uliziba kelele zote. Upande wa njano ulikuwa na kitundu kidogo kilichoruhusu maongezi kupita huku mlio wa ghafla ukipunguzwa nguvu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, maana lilimjibu mtu kama mfuata nyayo wetu. Mtengenezaji alikuwa kampuni ya Aearo, iliyonunuliwa na 3M mwaka 2008. Serikali ya Marekani ilidai kuwa vizibo hivyo vilikuwa vifupi mno kuingia vizuri katika masikio ya baadhi ya watu, vikilegea bila mvaaji kutambua, na kwamba kampuni ilijua hivyo bila kulieleza jeshi. Katika maabara, kwa mujibu wa madai hayo, mabawa ya mpira ya ncha ya pili yalikunjwa nyuma ili kizibo kiingie zaidi, na hapo ndipo matokeo yakawa mazuri. Mwaka 2018 3M ililipa dola milioni 9.1 kumaliza dai la serikali bila kukiri kosa. Mwaka 2023 ilikubali kulipa takriban dola bilioni 6 kwa wanajeshi waliofungua kesi wakisema walipoteza usikivu au kubaki na milio masikioni. Kampuni iliendelea kusema vizibo vilikuwa salama vikitumiwa ipasavyo. Kwa mnunuzi wa leo linalobaki ni hili: namba ya kizibo ni ya kizibo kilichoingia kama kilivyoingia siku ya kupimwa, na sikio lako huenda si kubwa wala dogo kama lile.

Vifuniko vinasamehe zaidi. Mtu anavivaa kwa sekunde mbili, na hata asiyefundishwa hupata sehemu kubwa ya namba yake, ndiyo maana makato yake ni robo tu. Adui wa kifuniko ni chochote kinachopita chini ya mto wake. Miwani ndiyo inayoongoza. Mlengaji lazima avae miwani ya kinga, na mikono yake ikiwa minene huinua mto kando ya sikio, sauti ikaingia kama kwenye dirisha lililoachwa wazi kidogo. Tafuta miwani yenye mikono myembamba na bapa. Nywele za kusuka, ukingo wa kofia, na mtandio vina tabia hiyo hiyo. Kwa mwanamke anayevaa mtandio suluhisho rahisi ni vizibo chini ya mtandio, kisha vifuniko juu yake kama atavihitaji.

Kwa raifo na bunduki ya marisau kuna tatizo jingine ambalo mwenye bastola hakutani nalo. Unapolaza shavu juu ya kitako cha bunduki, kitako kinagonga ukingo wa chini wa kifuniko na kukisogeza. Mpigaji hahisi, kwa kuwa mawazo yake yako kwenye shabaha, lakini sikio limefunguka wakati ule ule risasi inapotoka. Kwa hiyo vile vifuniko vinene vya 31 vilivyotengenezwa kwa ajili ya viwanda huweza kumkinga vibaya mpiga raifo kuliko vyembamba vya 22 vilivyokatwa upande wa chini. Jipime na bunduki tupu nyumbani: weka shavu kwenye kitako mara kadhaa huku mwenzako akitazama kama kifuniko kinatikisika.

Sasa vya elektroniki, ambavyo watu wengi huvielewa vibaya kwa njia mbili zinazopingana. Wengine hudhani vinazuia risasi kwa umeme. Wengine hudhani betri ikiisha vinakuwa havina maana. Ukweli ni kwamba kifuniko cha elektroniki ni kifuniko cha kawaida cha plastiki na sponji, na hicho ndicho kilichopimwa kupata NRR yake, umeme ukiwa umezimwa. Nje kina vipaza sauti vidogo, ndani kina spika. Sauti ndogo za nje huingizwa ndani na hata kukuzwa. Sauti ya nje ikipita takriban desibeli 82 au 85, saketi huacha kuikuza, na spika haitoi sauti kubwa kuliko hapo. Umeme haukulindi. Unachofanya ni kukurudishia maongezi ambayo plastiki ilikuwa imeyazuia. Betri ikiisha umebaki na vifuniko vya kawaida vya 22, na hutasikia maneno, basi.

Ubora hutofautiana katika jinsi saketi inavyoacha. Vya bei rahisi hukata sauti zote risasi inapolia na kuchelewa kurudisha, kwa hiyo amri ya mwalimu wa uwanja humezwa katikati. Vizuri zaidi hubana sauti kubwa huku ndogo zikiendelea kupita. Dukani piga makofi mara mbili haraka huku mtu anakusemesha. Ukipoteza maneno yake pamoja na makofi, hivyo ni vya aina ya kwanza. Angalia pia kama kila upande una kipaza sauti chake, la sivyo sauti zote zitasikika kana kwamba zinatoka sehemu moja. Na kwa kuwa naulizwa mara nyingi: hedifoni za muziki zinazojinadi kufuta kelele si kinga ya bunduki. Zimetengenezwa kwa mngurumo wa ndege na basi, na hazina uwezo wa kukabiliana na kilele cha risasi.

Je, vinamfaa mfuata nyayo? Kwa sehemu. Vinamwezesha kusikia mnong'ono na hatua kwenye majani makavu, pengine vizuri kuliko sikio tupu. Lakini sehemu ya nje ya sikio, ile tunayoiona, ndiyo inayotusaidia kujua sauti imetoka mbele au nyuma, juu au chini, na kifuniko kinaifunika. Hata vya bei ghali humchanganya mtu kuhusu mwelekeo, na kwa anayefuata nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka hilo si jambo dogo. Tena upepo ukivuma kwenye vipaza sauti huwa kelele mfululizo. Halafu joto: hakuna atakayevumilia vifuniko kwa saa nne za Oktoba akiwa anafuata nyayo.

Kinachofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kuvivaa shingoni wakati wa kufuata na kuvipandisha masikioni kabla fimbo hazijasimamishwa. Hapo nyati ameshaonekana, na kazi ya kusikia imepungua. Inamtaka mwindaji bingwa aifanye kuwa sehemu ya utaratibu: anagusa sikio lake, wote watatu wanavaa, ndipo fimbo zinasimama. Nyati akija kwa kasi bila kuonekana kabla, hakutakuwa na nafasi hiyo, na kwa saa kama hizo vipo vizibo vyenye kitundu kama vile vya njano, vinavyoweza kukaa masikioni safari nzima. NRR yake huwa ndogo sana, kwa sababu sauti ndogo za maabara hupita kwenye kitundu hicho kwa urahisi. Mnunuzi anayechagua kwa namba atavitupa, ingawa kwa kilele cha risasi hufanya zaidi ya namba yake. Visikae peke yake kama unakwenda kupiga risasi nyingi za mazoezi.

Kwa mazoezi kuna jibu rahisi, ambalo NIOSH hulipendekeza kwa wapiga risasi: vaa vyote viwili, vizibo ndani na vifuniko juu. Namba hazijumlishwi. Mwenye 33 na 22 hapati 55. Kanuni ya mkono ni kuchukua namba kubwa na kuongeza 5 tu, kwa sababu sauti inayobaki hupita kwenye mifupa ya fuvu na kulifikia sikio la ndani bila kupitia tundu. Hata uzibe kwa zege, hutavuka desibeli 40 au 50. Katika hesabu yetu ya makato, 16.5 na 5 ni 21.5, na bastola ya 160 inashuka hadi 138.5. Desibeli tano hizo ndizo zilizoivusha chini ya mpaka. Katika uwanja wenye paa na kuta, ambako mlio hurudi kutoka kila upande na jirani anapiga wakati wewe unajaza magazini, mimi sioni njia nyingine. Ukivaa vizibo chini ya vifuniko vya elektroniki na kuongeza sauti ya spika, utaendelea kumsikia mwalimu. Huo ndio mchanganyiko ninaoupenda, na hapo ndipo vifuniko vya 22 vinapolipa gharama yake.

Kama mtu angenipa jukumu la kununulia kambi moja yenye mwindaji bingwa, wafuata nyayo wawili na mgeni, ningenunua boksi la vizibo vya sponji vya 32 au 33 kwa siku ya kulinganisha bunduki shabaha, siku ambayo risasi hupigwa nyingi kuliko safari yote na watu husimama karibu wakitazama. Ningeongeza vifuniko vyembamba vya elektroniki kwa kila mmoja, wafuata nyayo wakiwa wa kwanza kupewa, pamoja na jozi za vizibo vyenye kitundu za saizi mbili tofauti, kwa kuwa masikio hayafanani. Na ningeuliza kabla ya kulipa kama mito ya vifuniko inauzwa peke yake. Jasho na jua huikausha, na mto uliokauka hupasuka na kuvuja. Watengenezaji hushauri ibadilishwe kila baada ya miezi sita hivi, na mapema zaidi ikiwa migumu ukiibonyeza. Utepe wa juu nao ukilegea hakuna namba itakayokusaidia. Vifuniko visitundikwe kwenye siti ya gari vikiwa vimepanuliwa, wala visiachwe juu ya dashibodi mchana kutwa.